Kabla ya Kuongeza Kishindo: kwa wanaoanza kuhariri filamu za kutisha

Anayeanza kuhariri filamu za kutisha hudhani kuwa kinachomshtua mtazamaji ni kishindo, kwa hiyo huongeza sauti. Nami nilifanya hivyo: katika kazi yangu ya kwanza mlango ulibamizwa mara nne ndani ya dakika kumi, na mara ya nne watu niliowaonyesha walikuwa wanacheka. Mwili hushtuka wenyewe, mtu apende asipende, lakini huzoea upesi; tena mtazamaji mzoefu, muziki ukikatika tu, keshaziba masikio.

Tazameni Cat People, filamu ya Marekani ya mwaka 1942 iliyoongozwa na Jacques Tourneur na kuhaririwa na Mark Robson. Mwanamke anatembea usiku kando ya ukuta wa bustani, na mwingine anamfuata. Picha zinapokezana, huyu kisha yule, visigino vikigonga njia hadi sikio linauzoea mwendo. Kisha hatua za anayefuata zinakoma. Yule wa mbele anaharakisha, anageuka, nasi tunatafuta gizani pamoja naye. Ghafla unasikika mlio kama wa paka aliyekasirika, na basi linaingia kwenye fremu likifunga breki za upepo. Hakuna aliyeguswa. Kilichotushtua kilianza pale hatua zilipoondolewa, tukabaki tunasubiri tishio ambalo basi halikulimaliza. Mtayarishaji Val Lewton na wenzake wakaiita mbinu hiyo "basi".

Mahali penye laana hutuandaa kwa namna hiyo hiyo. Mtazamaji wa kwetu akionyeshwa mbuyu au gofu usiku hahitaji maelezo, na hapo ndipo wengi huzembea: hawamwonyeshi mapema ngazi iko wapi na mlango wa nyuma unafunguka upande gani, kwa hiyo mhusika anapokimbia, mtazamaji hajui kama anakaribia kutoka au anajifungia ndani.

Kuhusu anayebaki hai mwishoni, mtafiti wa filamu Carol Clover aliandika mwaka 1987 kuhusu "msichana wa mwisho", yule anayegundua hatari mapema kuliko wenzake. Kwa kuwa watazamaji sasa humtambua tangu mwanzo, swali la kama atakufa limepungua nguvu. Wanachosubiri ni lini ataona wanachokiona wao. Katika Halloween ya John Carpenter, ya mwaka 1978, Laurie amesimama karibu na mlango wenye giza, na barakoa nyeupe inajitokeza taratibu nyuma yake kabla muuaji hajamshambulia. Sisi tumeshaiona, yeye bado. Mkipata picha kama hiyo mezani, msiikate kwenda kwenye uso wake ili kuonyesha kuwa ana hofu. Mkikata, barakoa inatoka machoni petu, na tunachokijua kumzidi kinapotea.