Ofa ya TA Marekani: dola 20,000 na msamaha wa ada, je zinatosha?

"Wakuu, nimepata ofa ya masters Marekani, wamenipa kazi ya TA, yaani msaidizi wa kufundisha, 0.50 FTE ambayo ni saa 20 kwa wiki, stipendi dola 20,000 kwa mwaka wa masomo na ada wamesamehe. Nyumbani hawana cha kunitumia. Je nitaishi? Na hizo saa 20 kwa wiki ni kweli au ni za kwenye karatasi tu?"

Hongera mkuu. Utaishi, ila kwa kubana, na kuna vitu vitatu kwenye hiyo barua inabidi uvisome tena taratibu kabla hujasaini. Mi nimekuwa TA wa maabara za baiolojia chuo kimoja cha serikali huko kati ya Marekani, kwa hiyo nakwambia nilichokiona.

Kwanza "mwaka wa masomo" maana yake miezi 9, siyo 12. Mkataba unaanza katikati ya Agosti unaisha katikati ya Mei, na summer hakuna mshahara labda idara ikupe darasa la kufundisha au profesa awe na hela ya kukulipa kwenye utafiti wake. Watu wengi wanagawanya 20,000 kwa 12 wanaona mambo safi, halafu Juni inafika akaunti haina kitu na kodi ya chumba inadaiwa vilevile.

Pili msamaha wa ada unasamehe ADA TU. Kuna kitu kinaitwa fizi, yaani michango ya lazima ya teknolojia, kituo cha afya, mabasi, gym, na kwa wageni mara nyingi wanaongeza na mchango wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Hizo unalipa mwenyewe kila semesta. Na bima ya afya, vyuo vingine wanamlipia TA yote, vingine nusu, vingine unajilipia mwenyewe, na mgeni wa F-1, yaani visa ya mwanafunzi, kwa kawaida chuo hakimruhusu kukaa bila bima. Halafu angalia wanasamehe ada yote au ile nyongeza tu ya wanaotoka nje ya jimbo, maana kuna ofa zimeandikwa kwa lugha tamu kumbe ada ya mkazi wa jimbo bado unadaiwa.

Sasa tupige hesabu kwa ofa yako, nakadiria fizi dola 1,000 kila semesta na bima 2,400 kwa mwaka, we utaweka namba za chuo chako. Dola 20,000 kwa miezi 9 ni kama 2,222 kwa mwezi kabla ya makato. Stipendi ya TA ni mshahara kwa hiyo inakatwa kodi ya serikali kuu na majimbo mengi nayo yanakata yao, na Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani wa kukupunguzia (Kenya pia hawana). Weka kodi zote kama 3,000 hivi, unabaki na 17,000. Toa fizi 2,000 na bima 2,400, inabaki 12,600. Hiyo ndo ugawanye kwa 12, unapata 1,050 kwa mwezi. Mji mdogo wa chuo, chumba cha kushea cha dola 500 mpaka 600 pamoja na umeme na intaneti, chakula unajipikia, basi unapanda bure kwa kitambulisho, inawezekana kabisa. Ila ofa hiyohiyo ikiwa Boston au San Francisco nisingekushauri uondoke nyumbani bila hela nyingine, hiyo 1,050 inaishia kwenye chumba.

Kitu cha kuangalia kwenye payslipu ya kwanza: mwanafunzi wa F-1 ndani ya miaka yake 5 ya mwanzo kwa kawaida hakatwi michango ya pensheni ya Social Security wala ya bima ya wazee ya Medicare, ambazo kwa pamoja ni asilimia 7.65. Ukiona zimekatwa nenda ofisi ya mishahara mapema wakurudishie, usingoje mwisho wa mwaka. Kila mwaka pia unajaza fomu ya kodi 1040-NR na fomu 8843, ofisi ya wanafunzi wa kimataifa huwa wanasaidia.

Tatu ni mshahara wa kwanza. Madarasa yanaanza Agosti ila hela yako ya kwanza unaweza kuiona katikati au mwisho wa Septemba, maana lazima usajiliwe kwenye mfumo wa mishahara na uombe namba ya Social Security, na hiyo namba huwezi kuiomba zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza kazi. Wakati huohuo mwenye nyumba anataka diposti na kodi ya mwezi wa kwanza, na huna hata godoro. Hapa tafuta dola 2,000 mpaka 2,500 za kwenda nazo mkononi, hata kama ni mkopo wa ukoo. Fizi uliza kama wanaruhusu kulipa kidogokidogo, vyuo vingi wanakubali.

Sasa hizo saa 20. 0.50 FTE ndiyo hiyo, nusu ya wiki ya saa 40. Mfano wa wiki ya TA wa maabara: vipindi viwili vya saa 3 ni saa 6, kikao na mratibu wa maabara saa 1, kuhudhuria lekcha ya profesa saa 3, kukaa ofisini wanafunzi waje kuuliza saa 2. Hapo ushafika 12. Zinabaki 8 za kusahihisha, una wanafunzi 24 kwa kila kipindi yaani ripoti 48, ukitumia dakika 10 kwa ripoti ni saa 8 kamili. Ukitumia dakika 15 zinakuwa 12 na wiki yako imefika saa 24. Yaani kinachokula muda ni kusahihisha, siyo kufundisha. Dai mwongozo wa maksi mapema, weka saa mezani, na sahihisha swali la kwanza kwa ripoti zote kabla hujaenda la pili, mkono unakuwa mwepesi na maksi zinakuwa za haki. Wiki za mitihani zitazidi 20, wiki nyingine zitapungua. Zikizidi kila wiki andika saa zako na mfuate msimamizi ukiwa na karatasi hiyo, usilalamike kwa mdomo tu.

Na usipange kuongeza kibarua cha maktaba, F-1 mwisho ni saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa masomo, kazi zote zikijumlishwa. Likizo tu ndo unaweza kufanya zaidi. Ukivunja hapo unaweka visa yenyewe rehani.

Kwa hiyo muandikie imeili mratibu wa programu umuulize: fizi ni shilingi ngapi, sorry dola ngapi, kwa semesta, bima nani analipa, summer ya mwaka jana TA wangapi walipata kazi, mkataba wa mwaka wa pili unategemea nini (mara nyingi ni GPA 3.0 na kusajili krediti za kutosha), na nikiacha kazi katikati ya semesta ada inarudi kwangu? Hilo la mwisho vyuo vingine jibu ni ndiyo. Na kama chuo chako kimesaini azimio la Aprili 15 la Council of Graduate Schools hawatakiwi kukulazimisha ujibu kabla ya tarehe hiyo, kwa hiyo kama haijafika uliza bila woga, muda bado unao.