Baka kwenye picha: kabla hujaandika "fangasi"

Ninyi mnaoanza kazi zahanati sasa mtapokea picha nyingi za ngozi kwenye simu, kutoka kwa wahudumu wa afya vijijini. Nataka niwaeleze picha moja ya baka la ukoma niliyoisoma vibaya.

Ilitoka kijiji kimoja cha bonde la Kilombero. Mama mkulima wa mpunga, miaka thelathini na kitu, alikuwa na baka moja nyuma ya mkono, juu kidogo ya kiwiko, upana wake kama kifuniko cha chupa ya maji. Lilikuwa limepauka, na ukingo wake umeinuka kidogo. Nilipouona ule ukingo, nikajibu: fangasi, apake klotrimazole. Alipaka miezi 2 na baka halikubadilika. Alipofika zahanati mwenyewe nilimuuliza kama linawasha. Akasema, "Haliwashi, daktari. Hata nikiungua hapo sijui." Akanionyesha kovu la moto wa jikoni katikati ya baka.

Ukingo ulioinuka unaonekana kwenye choa, na kwenye ukoma pia. Tofauti ni kwamba choa huwa na magamba ukingoni, na kwa kawaida huwasha. Fangasi wale wa kifuani na mgongoni huleta madoa mengi madogo, na ukiyakwaruza taratibu kwa ukucha unaona unga mwepesi ukitoka. Baka la ukoma la namna ya mama yule huwa kavu kwa sababu halitoi jasho, vinyweleo vyake vimepungua, na rangi yake imefifia tu au ina wekundu kama shaba. Haliwi jeupe kabisa. Likiwa jeupe kama chaki, laini, pengine hata vinyweleo vyake vimegeuka vyeupe, na mgonjwa anahisi vizuri ukimgusa, fikiria mbalanga. Msimtishe mtu wa mbalanga kwa neno ukoma. Nimeona ndoa ikitikisika kwa kosa hilo.

Kuhusu picha yenyewe, mwombeni mhudumu apige mchana karibu na dirisha, bila flashi. Flashi hupausha ngozi, na baka lililofifia likaonekana jeupe kama mbalanga. Mwanga ukitoka ubavuni, magamba na ukingo vinajitokeza. Apige moja ya karibu na moja ya mbali yenye ngozi nzima pembeni, mgonjwa akiwa ameridhia na uso wake usionekane kama hauhusiki.

Hata picha nzuri kiasi gani haiwezi kukuonyesha ganzi. Kwa hiyo siku hizi siijibu picha ya baka lililopauka mpaka mhudumu apime kwa pamba. Anasokota pamba iwe na ncha nyembamba, anamgusa mgonjwa kwanza kwenye ngozi nzima huku anaangalia, ili aelewe anachotakiwa kufanya: kila akiguswa, aonyeshe kwa kidole mahali pale. Kisha mgonjwa anafumba macho. Pamba iguse hadi ncha ipinde kidogo, wala isiburutwe, kwa sababu ikiburutwa inatekenya hata ngozi ya jirani, na mgonjwa atasema amehisi. Aguse ndani ya baka, nje, ndani tena, bila mpangilio, na mara nyingine asiguse kabisa, aone kama mgonjwa anabahatisha. Mama yule alionyesha kila mguso wa nje, na wa ndani hakuonyesha hata mmoja.

Baka lililopauka au lenye wekundu likiwa na ganzi ya uhakika, linatosha kumtambua mgonjwa wa ukoma. Lakini akihisi, usifute ukoma moja kwa moja. Mabaka ya usoni huweza kubaki na hisia, kwa kuwa uso una mishipa mingi ya fahamu. Na ule ukoma wenye vijidudu vingi unaweza kuanza na mabaka mengi yaliyofifia, pande zote mbili za mwili, yasiyo na ganzi. Huyo papaseni mshipa wa fahamu nyuma ya kiwiko, mkilinganisha kulia na kushoto, kisha mpelekeni kwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya achukuliwe kipimo cha ngozi.

Mama yule alikuwa na baka moja tu na mishipa yake haikuwa imevimba. Alimeza dawa mseto miezi 6, bila malipo, na wa nyumbani kwake wakakaguliwa ngozi. Rangi ilirudi kwa sehemu kubwa. Ganzi haikuondoka, na mpaka leo akiwa jikoni anaufunika mkono ule kwa kitambaa.