Kabla ya kuhesabu siku 183, uliza mkataba upo?

*"Wakuu, nina kampuni ndogo ya ushauri Dar na nimepata kazi Nairobi, kama siku 80 hivi. Nimeambiwa kuna mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo nisipofika siku 183 sina kituo cha kudumu cha biashara Kenya na sidaiwi kodi huko. Ni kweli?"*

Usisaini kazi hiyo bado. Sentensi hiyo ya siku 183 niliambiwa neno kwa neno mwaka 2022, na ilinigharimu shilingi 800,000 za Kenya.

Mkataba wa Jumuiya wa kuzuia kodi mara mbili ulisainiwa mwaka 2010. Kusainiwa si kuanza kutumika. Unasubiri nchi zote zilizosaini ziuridhie, na hilo halijatimia. Tanzania ina mikataba inayofanya kazi na nchi tisa: Kanada, Denmaki, Finlandi, India, Italia, Norwei, Afrika Kusini, Uswidi na Zambia. Kenya haimo.

Sasa sikiliza kwa nini hilo linabadilisha kila kitu. Mikataba hii ina kifungu cha faida za biashara, kwa kawaida cha 7, kinachosema faida ya kampuni ya nchi moja itatozwa kodi katika nchi hiyo *tu*, isipokuwa kampuni iwe na kituo cha kudumu katika nchi nyingine. Neno zito hapo ni "tu". Ndilo linalomfunga mikono mtoza kodi wa nchi ya pili. Vifungu vingine husema mapato "yanaweza kutozwa" kule, na watu wanadhani ni hiari ya mlipaji. Hapana, ile ni ruhusa kwa serikali ya pili. Kwa hiyo kukosa kituo cha kudumu kunakulinda pale penye lile "tu", yaani penye mkataba. Pasipo na mkataba, sheria ya Kenya inabaki peke yake, nayo inasema asiye mkazi na asiye na kituo cha kudumu akatwe kodi ya zuio kwenye ada yote.

Mimi nilikaa siku 74, nikajiona salama. Mshauri wa kodi niliyemlipa pesa nzuri akaniandikia barua ya kumwambia mteja asikate chochote "kwa mujibu wa mkataba". Hakuwa amefungua hata orodha ya mikataba! Mteja akaniamini, akalipa kamili. Baadaye hesabu zake zikakaguliwa, akadaiwa kodi ambayo hakuizuia, na yeye akayashika malipo yangu ya mwisho.

Mkataba wa kazi ulikuwa wa shilingi 4,000,000 za Kenya. Kampuni isiyo mkazi ni 20%, ndiyo hizo 800,000. (Raia wa Jumuiya anayelipwa ada ya ushauri yeye binafsi ni 15%, lakini mimi nilitoa ankara kwa jina la kampuni.) Gharama zangu za nauli, malazi na wasaidizi zilifika 2,800,000, faida 1,200,000. Kumbe kodi ya zuio haitazami gharama. Theluthi mbili za faida zilikwenda.

Nikakimbilia nyumbani kuomba nafuu. Sheria ya Tanzania inaruhusu kodi iliyolipwa nje kupunguza kodi ya hapa hata bila mkataba, ila mwisho wake ni kodi ambayo Tanzania ingetoza kwenye mapato hayohayo. Asilimia 30 ya 1,200,000 ni 360,000. Zile 440,000 zilizobaki hazikuwa na pa kufutwa mwaka ule. Hata hizo 360,000 nisingezipata bila cheti cha kodi ya zuio, na kukipata nilisumbuka miezi.

Na siku zenyewe si 183. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, sheria ya Kenya inahesabu huduma za ushauri kuwa kituo cha kudumu zikizidi siku 91 ndani ya miezi 12 *yoyote*. Siku zako 80 zikianza Oktoba, halafu mteja akakuita tena Machi kwa wiki mbili, umefika 94, ingawa kila mwaka wa kalenda peke yake unaonekana mdogo. Ukivuka hapo unatozwa kwenye faida baada ya gharama, jambo ambalo lingenifaa mimi, lakini lazima ujisajili, utunze risiti na upeleke ritani huko.

Kwa hiyo rudi kwa mteja leo. Mwambie bei uliyompa ni ya baada ya kodi ya zuio, na iandikwe hivyo kwenye mkataba. Ukitaka kubaki na 4,000,000 mkononi, ankara iwe 5,000,000. Akikataa, bora ujue sasa kuliko kwenye malipo ya mwisho. Na kipengele cha kukupa cheti kila anapokata kiwemo humohumo. Huyo aliyekuambia siku 183, muulize mkataba wenyewe ulianza kutumika tarehe gani.