Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, hesabu vitanda

Nilikuwa nesi wa wodi ya watoto wachanga katika hospitali moja ya kaunti, Pwani ya Kenya. Mwaka 2022 nikaenda Uingereza. Wadogo zangu wa kazi huniuliza njia ya kupita, na wachache, kwa sauti ya chini, huniuliza kama si dhambi. Nianze na hilo la chini.

Mtoto njiti hulishwa kwa mpira uliopitishwa puani hadi tumboni, pale kwetu kila baada ya saa tatu. Unahakikisha mpira uko mahali pake, unamimina maziwa kwenye bomba la sindano, unayaacha yateremke yenyewe, unaandika. Ukiwa mwepesi, dakika nane. Usiku mmoja nilikuwa peke yangu na watoto 24. Nane mara 24 ni dakika 192, saa tatu na dakika 12. Kabla sijamfikia wa mwisho, wa kwanza ameshaanza kulia njaa. Na hapo sijagusa dawa wala dripu, wala sijamkimbilia yule aliyesahau kupumua, maana njiti husahau. Tuliponea kwa akina mama tuliowafundisha kulisha.

Waliojua vizuri mashine ya kusukuma hewa puani tulikuwa wawili. Nilipoondoka akabaki mmoja, na nafasi yangu haikujazwa kwa sababu fungu la mishahara lilikuwa limekwisha. Wakati huohuo binti wa mama yangu mdogo alikuwa na leseni yake ya uuguzi na mwaka wa tatu nyumbani bila ajira. Ndiyo hali yetu: wodi hazina manesi, na manesi hawana kazi, ndani ya kaunti hiyohiyo.

Kwa hiyo usikubali mtu awatie nyote kapu moja. Yule binti akiondoka hakuna kitanda kinachokosa mtu. Mimi niliacha 24. Makubaliano ya Kenya na Uingereza ya Julai 2021 kuhusu wahudumu wa afya yaliwalenga hasa wasio na ajira, na kwa hilo yalikuwa na akili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2010 kuhusu kuajiri wahudumu wa afya kutoka nchi nyingine nao ni wa hiari, na unazungumza na serikali na waajiri. Haumkatazi nesi kuhama. Tanzania, kwa mfano, imo katika orodha ya shirika hilo ya 2023 ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya: mwajiri wa Uingereza hatakiwi kwenda kuvua manesi huko, lakini ukituma maombi mwenyewe huzuiwi. Lawama yangu ya kwanza ni kwa anayemsomesha nesi kisha asimwajiri. Yangu binafsi ni ya pili, na sijaikwepa.

Kosa langu halikuwa kuondoka, ni namna nilivyoondoka. Nilitoa notisi ya mwezi mmoja, na wiki mbili kati ya hizo nilizimaliza kwa likizo niliyokuwa nadai. Sheria sikuvunja, ila sikumfundisha mtu ile mashine. Kama uko kwenye wodi ya namna hii, anza kumfundisha mwenzako siku unapojiandikisha mtihani wa Kiingereza, usingoje viza. Muda upo: IELTS wanataka 7 kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 kuandika, na wengi hukwama kwenye kuandika. Bado mtihani wa kompyuta wa NMC, baraza linalosajili manesi Uingereza, kisha karatasi. Miezi inapita.

Yule binti aliambiwa na wakala mmoja alete shilingi 150,000 "za usajili". Nikamwambia asitoe hata mia: kanuni za Uingereza zinakataza wakala kumtoza mfanyakazi wa afya ili ampatie kazi. Tukatafuta jina la wakala kwenye orodha ya NHS Employers ya mawakala wanaofuata kanuni hizo, halimo. Alipompigia kumuuliza, simu haikupokelewa tena.

Alipopata mwajiri, tukausoma mkataba usiku mzima kwa simu. Kifungu cha kutafuta ni cha kurudisha gharama ukiacha kazi mapema: nauli, viza, mtihani. Uliza ni pauni ngapi, na kama deni linapungua kadiri unavyokaa. Lisilopungua ni kamba ya mbuzi. Uliza pia mshahara kabla ya kupita OSCE, ule mtihani wa vitendo wa vituo kumi unaofanyiwa kulekule, kwa kuwa mpaka usajiliwe unalipwa daraja la chini.

Amepita OSCE mwezi uliopita. Mimi Jumapili usiku huweka simu wazi. Mwenzangu niliyemwacha wodini huniinulia kamera kwenye chupa ya maji ya ile mashine na kuuliza mbona haitoi mapovu. Mara nyingi ni kipira cha puani kimelegea.