Tairi zinaliwa mabonde mabonde

"Wakuu, tairi za mbele za IST yangu zinaliwa mabonde mabonde na zinavuma, fundi kasema alaimenti, kweli?"

Mkuu, alaimenti ikikaa vibaya mara nyingi inakula upande mmoja wa tairi, mabonde ya kupokezana hivyo kwanza shuku shokapu, zikichoka tairi inadundadunda barabarani na kila inapotua inajikwangua. Angalia kama zimevuja oili. Kisha piga jeki, shika tairi juu na chini uitikise, ikicheza ni boli jointi au beringi, ikicheza kulia-kushoto mara nyingi ni tairodi. Bushi za kontro amu fundi azikague kwa mtaimbo. Shokapu badilisha zote mbili za mbele, ila huo mvumo utabaki mpaka ubadili tairi. Boli jointi ikicheza usiendeshe, ikichomoka tairi inalala.