Michango imo kwenye simu ya kikundi, daftarini haimo

"Assalamu alaykum. Mimi mshika fedha wa kikundi cha hisa, Wete. Wanachama watatu wanasema wametuma 15,000 kila mmoja, daftari halina. Salio la simu limezidi daftari kwa 43,500, si 45,000. Nifanyeje?"

Wa alaykum salaam dada. Usianze na tofauti, anza na taarifa ya miamala ya laini ya kikundi, kuanzia siku ya mwisho salio na daftari vilipolingana. Weka alama kila muamala ulioandikwa daftarini. Linganisha namba ya muamala na kiasi, usitegemee jina: aliyelipa kupitia simu ya mume au mtoto huonekana kwa jina la mwenye laini, na mara nyingi hapo ndipo mchango unapopotea.

Yatakayobaki bila alama yatazame pande zote mbili. Ukikuta mapokezi matatu ya 15,000 na makato ya 1,500 ya kutoa fedha ambayo hayakuandikwa, hesabu imefunga: 45,000 kutoa 1,500 ni 43,500.

Kila mmoja akuoneshe ujumbe wa muamala, nawe uitafute namba hiyo kwenye taarifa yenyewe, maana ujumbe wa zamani huweza kuletwa tena. Asiyethibitika, fedha yake iandike "mwenyewe hajajulikana", usimgawie mtu kwa kukisia.

Usifute daftari. Ongeza mstari mpya wenye tarehe ya malipo na namba ya muamala, mwenyekiti na katibu watie saini mbele ya wanachama.