Mjomba amenipa shamba kwa masharti: naweza kukubali baadhi na kukataa mengine?

SWALI: Assalaamu alaykum, Shehe. Mimi ni mkazi wa Tandahimba. Mjomba wangu, ambaye siku hizi anaishi Mtwara mjini, ananitaka nimtunzie shamba lake la mikorosho. Yeye atatoa salfa, mimi nitafyeka, nitapuliza na kuokota, na kila msimu nimpe kilo 500, mavuno yawe mengi au machache. Zitakazobaki ni zangu. Tena atanikopesha shilingi 300,000 za kuanzia, nikishauza korosho nimrudishie 360,000. Shamba nalitaka, ila hayo mawili ya mwisho yananitia shaka. Je, dini inaniruhusu kukubali moja na kukataa mengine? Na nimwambieje bila kumvunjia heshima?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah. Ruhusa unayo, lakini ufahamu kwanza jibu lako litakuwa na hukumu gani, kwa sababu hapo ndipo ugomvi wa ndugu wengi huanzia. Wanazuoni wameeleza kwamba mkataba hutimia kwa ijabu, yaani tamko la anayetoa, na kabuli, yaani tamko la anayepokea, na kwamba kabuli lazima iafikiane na ijabu. Mjomba ametoa shamba pamoja na masharti yake. Wewe ukipokea shamba na kuacha masharti, hujapokea alichokitoa. Jibu la namna hiyo si dhambi wala si utovu wa adabu, ila halifungi mkataba. Linageuka kuwa ijabu mpya itokayo kwako, na sasa mjomba ndiye anayesubiriwa akubali au akatae.

Mfano wake umo katika Sahihi Muslim, kwa mapokezi ya Anas. Jirani wa Mtume (rehema na amani zimshukie), aliyekuwa Mwajemi na hodari wa kupika mchuzi, alimwalika chakula. Mtume akamwashiria bibi Aisha akauliza, "Na huyu?" Jirani akasema hapana, naye Mtume akasema hapana. Jirani akarudia mwaliko, jibu likawa lilelile. Mara ya tatu akakubali waje wote wawili, ndipo wakaenda. Kila mmoja alisema lake waziwazi, na mwaliko haukutimia mpaka pande zote mbili ziliporidhia jambo lilelile.

Sasa tuyatazame masharti yenyewe. Kumtunzia mtu miti kwa kugawana matunda huitwa musakati. Asili yake ni mapatano ya Mtume na watu wa Khaibari, ambao waliachiwa ardhi na mitende waihudumie kwa nusu ya kitakachotoka, kama ilivyopokelewa na Bukhari na Muslim. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli mpya ya Imamu iliihusisha musakati na mitende na mizabibu tu, lakini kauli yake ya zamani iliieneza kwa miti mingine ya matunda, na hiyo ndiyo aliyoichagua Imamu Nawawi. Kwa hiyo mikorosho inaingia, nami sioni haja ya kuwabana watu wa kusini katika jambo lenye nafasi.

Kilichoharibika katika mapatano yenu ni zile kilo 500. Fungu la kila mmoja linatakiwa liwe sehemu ya mavuno, kama nusu au theluthi, wala lisiwe kipimo kilichokatwa kabla. Chukua msimu mzuri uliotoa kilo 1,200: mjomba anapata 500 na wewe 700. Ukija msimu ambao ubwiriunga umeunguza maua, shamba likatoa kilo 450, umefanya kazi kuanzia kufyeka hadi kuokota, kisha unadaiwa kilo 50 ambazo shamba halikuzizaa. Kwa nusu kwa nusu, msimu wa kwanza kila mmoja angepata 600, na wa pili 225. Neema na hasara mngezibeba pamoja. Sharti la kilo maalumu hubatilisha musakati yenyewe, kwa hiyo hufai kulikubali kwa mdomo huku moyoni ukinuia kutolitekeleza.

Kuhusu mkopo, shilingi 60,000 za ziada ni riba bila shaka. Mjomba hata akiziondoa, mkopo huo usifungwe na kazi ya shamba, kwani imepokelewa kwa Abu Daud na Tirmidhi kwamba si halali mkopo pamoja na mauzo, na wanazuoni wakaingiza humo mikataba mingine ya kubadilishana manufaa. Ushauri wangu ni uuache kabisa kwa sasa.

Ama namna ya kusema, mjomba kwetu huku ana nafasi ambayo pengine baba hana, na neno "hapana" likitangulia hatasikia linalofuata. Tazama alivyofanya Mtume wakati wa Hijra. Abubakari alimtolea mmoja wa ngamia wake wawili amchukue, naye akajibu, "Kwa thamani yake." Alimpokea ngamia, akakataa kumpokea bure, na yote mawili yalikaa katika jibu moja fupi. Hakuanza kwa kukataa, na wala hakulificha sharti lake kusubiri wafike Madina. Nawe basi, kabla ya kuingia shambani, mwendee mwenyewe badala ya kumtuma mtu, useme mfano wa haya:

"Mjomba, nashukuru kwa kuniamini. Shamba nalipokea, na kazi yote uliyoitaja nitaifanya. Kuhusu kilo 500, naomba tugawane nusu kwa nusu, kwa misimu mitatu, maana nimeuliza nikaambiwa kipimo maalumu hakisihi. Fedha za mkopo, ahsante, naomba tuziache. Je, unaridhia hivyo?"

Nimekuwekea muda kwa makusudi, kwa kuwa Shafi hushurutisha muda ujulikane. Swali la mwisho nalo usiliache. Mjomba akikohoa tu, au akisema "tutaona", bado hakuna mkataba, kwani wanazuoni wamesema asiyesema hahesabiwi kuwa amesema. Bikira anayeombwa idhini ya ndoa ndiye ambaye kimya chake kimefanywa kuwa ridhaa kwa hadithi; mjomba mwenye shamba si bikira. Mwombe akujibu kwa neno, na iwe mbele ya mtu mmoja au wawili wa ukoo. Akiridhia, gawaneni korosho zikiwa bado kilo, kabla ya kwenda chama cha msingi, ili kila mmoja apimishe zake kwa jina lake, yasije makato ya ghalani yakazua hesabu ya pili. Akikataa, shamba ni lake, na hujamkosea kwa kuliacha.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, lakini huenda likakupata. Ikiwa umekwisha kupuliza salfa kwa kutegemea lile "ndiyo" lako la nusu, kisha mjomba akasema hakukubali, hukumu ya musakati iliyoharibika ni kwamba matunda yote ni ya mwenye miti, na mfanyakazi hulipwa ujira wa mfano. Mtauliza pale kijijini kufyeka na kupuliza shamba la ukubwa huo hulipwa kiasi gani msimu huu, naye atakulipa hicho, bila kujali korosho zimetoka ngapi.

Wallahu aalam.